Kuomba ruhusa ya ugonjwa kazini: nini umwambie msimamizi, nini kibaki kwa daktari

Mwaka huu nimeumwa mara mbili ugonjwa uleule, na mara zote mbili niliomba ruhusa. Mara ya kwanza, ndani ya siku mbili ofisi yetu nzima pale Kariakoo ilishajua kwamba nina uvimbe kwenye kizazi. Mara ya pili hakujua mtu, na siku zangu zililipwa zote.

Anza na ujumbe wa asubuhi, kabla ya muda wa kuripoti. Mara ya kwanza niliandika tu "Leo sijisikii vizuri." Ujumbe wa namna hiyo ndio unaozaa swali la "Unaumwa nini?", kwa sababu msimamizi hajui siku yake aipangeje. Mara ya pili niliandika hivi: "Shikamoo bosi. Nimeamka naumwa, sitaweza kufika kazini, naelekea hospitali. Ankara za wateja wa Kigamboni nimemwachia mwenzangu wa dawati la pili, nimeshaongea naye. Nikitoka kwa daktari nitakujulisha nimepewa siku ngapi." Akajibu, "Marahaba, pole sana." Hakuuliza zaidi.

Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukienda siku ya tatu, usitegemee daktari akuandikie mapumziko ya siku mbili ambazo hakukuona.

Mimi niliumia kwenye karatasi. Unatoka hospitali na cheti cha dawa, majibu ya ultrasaundi, pengine fomu ya bima, na ile ya mapumziko tunayoiita ED. Ofisi inahitaji ED peke yake. Mimi sikuiomba, nikaondoka. Jioni nilipodaiwa uthibitisho nilikuwa nimeshafika Mbagala, nimelala, nikapiga picha cheti cha dawa nikatuma. Cheti cha dawa kinataja ugonjwa hata kama haukuandikwa: ukiona dawa ya kukata damu pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na mgonjwa ni mwanamke, huhitaji kuwa muuguzi. Msimamizi akaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la idara, nadhani alitaka tu watu wajue nimeruhusiwa. Jumatatu mtu akaniuliza, mbele ya wenzake, kama bado nitaweza kuzaa.

Kwa hiyo kabla hujanyanyuka kwenye kiti cha daktari, mwambie: "Naomba ED ya kupeleka kazini. Naomba iandikwe siku za mapumziko tu, ugonjwa usitajwe." Hakikisha ina jina lako, tarehe uliyoonwa, idadi ya siku, tarehe ya kurudi kazini, jina na sahihi ya daktari, na muhuri. Muhuri nao uusome. Ukiwa wa kliniki ya wanawake, au wa kliniki ya watu wanaotumia dawa za virusi vya Ukimwi, umeshasema kila kitu. Omba ugongewe muhuri wa jumla wa hospitali. Mimi niliupata mapokezi kwa kuuliza tu. Ukipiga picha, weka ED peke yake mezani, na umtumie msimamizi au afisa utumishi moja kwa moja, si kundini.

Kama utabanwa, sheria iko hivi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinatoa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri anaweza kukataa kulipa usipoleta cheti cha daktari, na ED ndiyo cheti hicho. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kati ya taarifa nyeti, kwa hiyo msimamizi hana ruhusa ya kuzisambaza kwa sababu tu zimemfikia.

Kuna wakati inabidi useme zaidi. Ukiumia kazini, au ugonjwa ukitokana na kazi, mwajiri lazima apate maelezo, maana ndiye anayetakiwa kutoa taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na kama ugonjwa unabadilisha unachoweza kufanya, taja kizuizi, ugonjwa uache. Mimi nilimwomba daktari aandike kwamba nisinyanyue vitu vizito kwa wiki mbili. Maboksi ya stoo akapewa mwingine.

Siku niliporudi, msimamizi aliniita pembeni. "Dada, lakini tatizo lilikuwa nini hasa?" Nikamjibu, "Bosi, ni jambo la hospitali, linatibiwa, na daktari kaniruhusu kurudi. Ankara za Kigamboni nazimaliza leo." Akasema sawa, tukaanza kazi.