SOMO: Kupata jina la bendi mkiwa washkaji wa chuo

Wadau, nawapa njia tuliyopitia sisi wanne, gita mbili, besi na dramu. Jina la kwanza lilikuwa Mwangwi, maana tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye ngazi za hosteli na sauti ilikuwa inarudi freshi kweli. Maana safi kabisa, ila jina likatufia mdomoni.

Hatua ya 1, sauti. Mpigie mtu simu akiwa sehemu yenye kelele, mtajie jina mara moja tu halafu mwambie aliandike akutumie. Tulipiga kwa watu kumi, saba wakaandika Mwangi, yaani jina la mtu! Ile "ngwi" ya mwisho inamezwa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tafuta jina ambalo hapo pana irabu wazi, na likiishia na a au o ndo tamu zaidi maana watu wanaweza kulivuta wakipiga kelele.

Hatua ya 2, maana. Msitunge kutoka hewani, rudini kwenye kitu mlichoishi pamoja. Sisi tulirudi kwenye zilezile ngazi, zilikuwa saba, na do re mi nayo ina noti saba, basi tukapata Ngazi Saba. Mgeni anaelewa muziki, sisi tunakumbuka hosteli.

Hatua ya 3, upekee. Tafuta jina ndani ya alama za kunukuu, "Ngazi Saba", kisha ongeza neno bendi, kisha angalia kwenye app za muziki. Liunganishe pia kama akaunti, @ngazisaba, ulisome taratibu uone kama halijazaa neno lingine la aibu.

MASWALI

Mdau: Kaka, kama jina lipo lakini ni bendi ya nchi nyingine, si poa tu?
Jibu: Hapana ndugu yangu, kwenye app nyimbo zenu zinaweza kuangukia ukurasa wao. Pink Floyd walianza na wanafunzi wa usanifu majengo London, mwaka 1965 walikuwa wanajiita Tea Set, wakakutana na Tea Set wengine kwenye shoo moja, ndo mwenzao Syd Barrett akaunganisha majina ya wanamuziki wawili wa bluzi, Pink Anderson na Floyd Council. Wao walibadilisha kabla hawajatoa rekodi, nanyi fanyeni hivyo.

Mdau: Na tukiweka namba au herufi za ajabu ili liwe la kipekee?
Jibu: Rudia ile simu. Kama lazima useme "ile a ni namba nne", limeshafeli.

Mdau: Mmoja akimaliza chuo akasepa, jina la nani?
Jibu: Hapo ndo bendi nyingi zinagombana. Andikeni karatasi leo kwamba jina linabaki na wanaoendelea kupiga, wote msaini, na nywila ya akaunti wawe nayo angalau wawili.