Somo: Kubadilisha bekigraundi ya bango kwenye Canva bila picha kuonekana imebandikwa

Wiki iliyopita nilitengeneza bango la usiku wa taarabu. Picha niliyoletewa ni ya mwimbaji, imepigwa sebuleni, kilemba cheupe kichwani, pazia jekundu nyuma yake. Mwenye shughuli anataka aonekane yuko Forodhani jioni, na neno TAARABU lipite nyuma ya kichwa chake. Nafuata kazi hiyohiyo, nikiwa kwenye kompyuta.

1. Fungua ukurasa wa 1080 x 1350 px. Ingiza picha ya Forodhani, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Set image as background. Hapo picha imekuwa sakafu: inajaza ukurasa mzima na hakuna kitu kinachoweza kwenda chini yake. Wengi wanahangaika na mpangilio kwa sababu hawajui kwamba sakafu haipandi juu ya kitu chochote mpaka uitoe pale.

2. Ingiza picha ya mwimbaji. Kabla hujaipunguza wala kuigusa, ichague, kisha BG Remover. Hiki ni kipengele cha Pro.

3. Hapa usiwe na haraka. Kuza ukurasa mpaka uone kingo vizuri. Mimi nilikuta mambo matatu: hereni moja imeliwa, kipande cha pazia kimebaki katikati ya mkono na kiuno, na kilemba kina mstari mwekundu pembeni. Hereni niliirudisha kwa brashi ya Restore, pazia nikalifuta kwa Erase. Ule mstari ni kesi nyingine, kwa sababu ni wekundu wa pazia ulioangukia kitambaa chenyewe. Nilipita na brashi ndogo kabisa ya Erase, nikala ukingo kidogo tu. Ukizidisha, kilemba kinakuwa kama kimekatwa kwa mkasi butu.

4. Andika TAARABU, herufi nene zinazojaza upana. Ongeza mstatili mweusi unaofunika ukurasa wote, uushushe uwazi hadi kama 40. Huo ndio utando unaotuliza taa za nyuma ili mtu aonekane.

5. Sasa fungua Position, kisha Layers. Orodha inasomwa kama rundo la khanga: cha juu kwenye orodha ndicho kilicho juu kwenye bango. Vuta mpaka iwe hivi, kuanzia juu:

```
tarehe, ukumbi, kiingilio
mwimbaji
TAARABU
utando mweusi
picha ya Forodhani
```

Ukitaka kupandisha kitu hatua moja bila kufungua orodha, tumia `Ctrl + ]`. Kushusha ni `Ctrl + [`. Kichwa kifunike sehemu ndogo tu ya herufi. Changu mwanzoni kilifunika R ya katikati yote, bango likasomeka TAA ABU.

6. Mwisho tazama mwanga. Mwimbaji alimulikwa kutoka kushoto, jua la Forodhani lilikuwa kulia. Niligeuza picha ya nyuma kwa Flip, lakini fanya hivyo pale tu pasipo na maandishi, maana kibao cha duka kitasomeka kinyume.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kila nikivuta picha ya mtu kuiweka kwenye bango, inameza bekigraundi yangu. Nakosea wapi?

Jibu: Unaiachia pembeni ya ukurasa, Canva inadhani unabadilisha sakafu. Rudisha kwa `Ctrl + Z`, halafu usivute. Ibofye tu upande wa kushoto, itaingia yenyewe kama kitu huru. Kama umeshaendelea na kazi, bofya kulia kwenye picha na uchague Detach image from background, kisha rudisha ile ya zamani.

Swali: Nilipakua picha iliyokatwa, nikamtumia mwenzangu WhatsApp, yeye kaona weusi nyuma. Kwangu iko sawa.

Jibu: Kwanza hakikisha ulipakua PNG na ukaweka tiki Transparent background. JPG haihifadhi uwazi kabisa. Pili, ukituma kama picha, WhatsApp inaibana kuwa JPG. Itume kama Document. Bango lililokamilika halihitaji haya yote, kwa sababu nyuma pameshajaa.

Swali: Sisi tusio na Pro, ndugu yangu?

Jibu: Mwenye iPhone XS, XR au ya baadaye, yenye iOS 16 kwenda mbele, abonyeze mtu kwenye picha kwa sekunde mbili hivi, anakili, abandike Canva. Kinachowaponza wengine ni PNG za kuokota mtandaoni zenye vijisanduku vya kijivu na nyeupe. Ukiiweka juu ya rangi na vijisanduku vikabaki, ujue vimechorwa ndani ya picha, hiyo haijakatwa.

Swali: Nimefuata yote, ila mtu wangu anaelea hewani.

Jibu: Picha yake inaishia kiunoni, siyo? Shusha mpaka mkato uguse ukingo wa chini wa bango, au uufiche nyuma ya mstatili wa tarehe.