Somo: Mkaguzi wa ndani na wa nje, kila mmoja anamtumikia nani

Tuchukue kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye duka Kariakoo na ghala Vingunguti. Faida yake ya mwaka kabla ya kodi ni shilingi milioni 400.

Hatua ya 1: Soma barua ya uteuzi. Mkaguzi wa nje huteuliwa na wanahisa kwenye mkutano mkuu, naye lazima awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mkaguzi wa ndani ni mwajiriwa wa kampuni.

Hatua ya 2: Angalia ripoti imeandikwa kwa nani. Ya nje huanza na "Kwa wanahisa", na benki na TRA nao huisoma. Ya ndani huenda kwa kamati ya ukaguzi ya bodi na kwa menejimenti.

Hatua ya 3: Uliza nani anaweza kumfukuza. Hapa ndipo uhuru wa mkaguzi wa ndani hupimwa. Mshahara anaupata hapohapo, kwa hiyo anachohitaji ni bodi, siyo mkurugenzi wa fedha, iidhinishe mpango kazi wake, uteuzi wake na kuondolewa kwake. Wa nje anatakiwa asiwe na hisa wala maslahi mengine kwenye kampuni.

Sasa ghala linahesabiwa, mabati ya milioni 9 hayaonekani. Tuseme mkaguzi wa nje amechukua asilimia 5 ya faida, yaani milioni 20, kama kiwango cha kosa linaloweza kumpotosha msomaji wa hesabu. Ataomba hesabu zirekebishwe, ataandika udhaifu huo kwenye barua yake kwa menejimenti, na bado anaweza kutoa hati safi. Wamiliki wengi hukasirika hapa, lakini hakuahidi kumkamata mwizi. Mkaguzi wa ndani ndiye atakayekaa Vingunguti, alinganishe hati za kupokea mzigo na hati za kutoa, hadi aone kwamba mtu mmoja anapokea, anatoa na kuandika kwenye leja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Kwetu Temeke mkaguzi wa ndani hugonga muhuri kila hati ya malipo kabla hela haijatoka. Ni sawa?

Marahaba. Si sawa. Mwezi ujao atakagua malipo aliyoyapitisha mwenyewe, na likitokea kosa atalitetea. Muhuri huo urudi idara ya fedha. Viwango vya kimataifa vinamzuia kukagua eneo alilokuwa akiliwajibikia hadi ipite angalau miezi 12, kwa hiyo katika muda huo malipo yakaguliwe na mtu mwingine.

Mkaguzi wetu wa nje ndiye anayetuandalia hesabu, na sisi ndio tunamlipa. Yuko huru kweli?

Kulipwa na kampuni peke yake hakumharibii uhuru. Kuandaa hesabu ndiko kunakotia shaka. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam haiwezi kufanyiwa hivyo. Kwa kampuni ndogo anaweza kupanga tarakimu mlizompa, ila watu wake wanaoziandaa wasiwe haohao wanaozikagua. Maamuzi nayo, mfano deni gani lifutwe, yafanywe na ninyi na yasainiwe na ninyi.