Bomba la sinki linaloziba kila mwezi: toa tii, weka wai

Mfano wetu ni huu: bomba la inchi 2 kutoka sinki la jikoni linaingia kwenye bomba kuu la inchi 4, lililolazwa ardhini kuelekea chemba. Kiungo ni tii. Linazibuliwa, linakaa wiki tatu, sinki linajaa tena.

1. Hakikisha tatizo ni tii

Fungua mtego wa maji chini ya sinki, ingiza springi ya kuzibulia mpaka ikwame, funga utepe kwenye springi hapo hapo, itoe, pima. Ikiwa inakwama urefu ule ule kila mara, na urefu huo unafika kwenye kiungo, umeshapata jibu.

Sababu yake: kwenye tii iliyolala, maji ya sinki yanaingia kwa pembe mraba, yanagonga ukuta wa pili wa bomba kuu na kugawanyika. Sehemu inashuka chembani, sehemu inarudi nyuma, upande maji yanakotoka. Yakigonga hivyo yanapoteza mwendo, na punje za wali na mafuta yaliyopoa vinabaki pale pale. Hata springi hudanganywa: ncha ikifika kwenye tii inaweza kupinda nyuma badala ya kwenda chembani. Unatoboa upande usio na shida, maji yanapita kidogo, unadhani umemaliza.

2. Nunua

Wai moja, yaani kiungo chenye tawi la mshazari, ya inchi 4 yenye tawi la inchi 2, bendi moja ya nyuzi 45 ya inchi 2, soketi mbili za inchi 4 za kuteleza (zisizo na ukingo ndani), gundi ya PVC. Ukikosa wai yenye tawi la inchi 2, chukua ya inchi 4 kwa 4 na kipunguzio.

3. Chimba, kata tii, toa

Msumeno wa chuma unatosha. Kata mraba, ondoa vinyuzi vya plastiki ndani na nje. Usiruhusu mtu yeyote kutumia maji ndani ya nyumba.

4. Panga wai kabla ya gundi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kwanza mwelekeo. Tawi la wai lazima lielekee chembani, yaani maji ya sinki yajiunge na safari ya maji ya bomba kuu. Chora mshale kwa kalamu ya wino juu ya bomba kuu, kisha juu ya wai, uvilinganishe. Wai iliyogeuzwa ni mbaya kuliko tii, maana inarusha maji moja kwa moja dhidi ya mkondo.

Pili, kona. Wai inaingiza kwa nyuzi 45, lakini bomba la sinki linakuja kwa 90. Bendi ya 45 ndiyo inayokamilisha, na zile 45 mbili zinageuza maji taratibu. Usiweke elbo kali ya 90 kabla ya wai. Utakuwa umehamisha tatizo hatua moja nyuma. Kama bomba la sinki lina kona nyingine ya 90 njiani, elbo ndefu yenye mzingo mpana inafaa, lakini mimi huchagua bendi mbili za 45 zenye kipande kifupi cha bomba katikati, kwa sababu springi hupita bila kubishana.

Tatu, usilaze tawi sawasawa na bomba kuu. Lizungushe liinuke kidogo juu. Likilala, maji ya choo yakipita yanaingia kwenye tawi na kuacha karatasi mdomoni. Ukishaliinua, hesabu upya mteremko: sm 2.5 kwa kila mita. Kutoka sinki hadi wai ni mita 3.2, basi mwisho wa juu uwe sm 8 juu ya mwisho wa chini. Ikiwa kimo hakitoshi, punguza kuinua tawi, usiue mteremko.

Yote haya ni ya bomba lililolala. Kwenye bomba la wima la ghorofani, tii yenye mdomo uliopinda kuelekea chini ndiyo sahihi, na wai inaweza kunyonya maji ya mtego, harufu ikaingia ndani.

5. Gundisha

Sukuma soketi za kuteleza zote juu ya mabomba, weka wai katikati, chora alama za mahali kila soketi itakapoishia, kisha paka gundi na uzirudishe haraka hadi alama. Gundi haikupi nafasi ya pili.

6. Jaribu kabla ya kufukia

Baada ya gundi kukauka, ziba sinki, lijaze, achia kwa mpigo, chemba ikiwa wazi. Maji yafike kwa wimbi moja na kuisha. Yakiendelea kudondoka muda mrefu, kuna mahali bomba limebonyea. Weka pima maji juu yake kipande kwa kipande mpaka upaone.