Kabla ya kuchapa vipeperushi, omba bei ya idadi mbili

Ukiulizia bei ya vipeperushi, usiombe ya idadi moja. Omba ya 500 na ya 1,000, kwa karatasi ileile: A5, gramu 150, glosi, rangi pande zote mbili. Tuseme mchapaji wa kwanza anakwambia 125,000 na 250,000. Bei imepanda mara mbili kamili, huyo anatumia mashine ya dijitali na kila karatasi ina gharama yake. Wa pili anasema 150,000 na 190,000. Huyo ni wa ofseti, mashine inayochapa kwa pleti zinazotengenezwa kwa kazi yako: 500 za nyongeza zimeongeza 40,000 tu, yaani shilingi 80 kila moja, na ile 110,000 iliyobaki ni pleti na kuandaa mashine, unailipa hata ukichapa mia. Kwa bei hizo, chini ya kama 650 nenda kwa wa kwanza. Zaidi ya hapo, wa pili.

Gramu zitajwe kwenye bei, maana wapo wanaokushushia kwa kuweka 115 kimyakimya. Ishike: ya 115 inalegea mkononi.

Kwenye mabango hesabu hii haifanyi kazi, yanauzwa kwa mita ya mraba, hivyo uliza kama pindo na vijicho vya kufungia kamba vimo ndani ya bei. Kadi za biashara inafaa, ila laminesheni itajwe kando. Na kama kipeperushi kina tarehe ya tukio, 1,000 za bei poa zitaishia kufungia karanga.