Somo: Hesabu ya dirham kichwani kabla hujabonyeza mashine ya kadi Dubai

Wakuu, somo hili ni la wanaokwenda Deira kufunga mzigo au kununua simu na vitu vya nyumbani. Simu yenye kikokotoo unayo, lakini kikokotoo hakikwambii kama umebonyeza kugawa badala ya kuzidisha, wala kama kiwango ulichopewa ni cha haki. Makadirio ya kichwani yanakuonyesha yote mawili.

Hatua ya 1: dirham kwenda dola. Anzia hapa kwa sababu namba hii haibadiliki. Tangu 1997 dola 1 imefungwa kwenye dirham 3.6725, kwa hiyo ukijifunza mara moja umemaliza. Gawa bei kwa 4, halafu ongeza sehemu moja ya kumi ya jibu. Simu ya dirham 849: robo yake ni kama 212, sehemu ya kumi ni 21, jumla dola 233. Hesabu kamili inatoa 231 na senti kidogo. Kumbuka njia hii hupandisha jibu kwa kama asilimia 1. Utaona umuhimu wake mbele.

Hatua ya 2: dirham kwenda shilingi yetu ya Tanzania. Hapa kiwango kinatembea, kwa hiyo kiangalie asubuhi kabla hujatoka hotelini. Tuseme leo dirham ni shilingi 680. Ibebe kama 700: zidisha bei kwa 7, weka sifuri mbili. 849 ifanye 850, mara 7 ni 5,950, ukiweka sifuri unapata 595,000. Hesabu kamili ni 577,320. Tumezidisha kwa asilimia 3 hivi, na mimi napenda kukosea upande huo, maana mfuko hautanishangaza. Kikokotoo kikileta 59,000 au milioni 5.9, kuna sifuri imepotea au imezaliwa.

Usikuze bei na kiwango kwa pamoja kupita kiasi. Ukifanya 849 kuwa 900 na 680 kuwa 700, unafika 630,000, na hapo makadirio hayakusaidii tena kukamata kosa dogo.

Hatua ya 3: kwenye mashine ya kadi. Hapa ndipo pesa nyingi huliwa. Una kadi ya dola, muuzaji anaingiza 849, na kioo kinakuletea chaguo mbili: AED 849.00 au USD 243.50. Ya dola inavutia kwa sababu unaielewa. Lakini kichwani tayari una 233. Tofauti ni zaidi ya dola 10, na makadirio yetu yalikuwa juu kidogo, kwa hiyo tofauti ya kweli ni kubwa zaidi, kama dola 12. Angalia na kiwango kilichoandikwa kwenye kioo: kitasoma karibu 3.49 badala ya 3.67. Hiyo asilimia 5 ni ada ya kukubadilishia pesa papo hapo. Chagua AED. Wengine hukubonyezea wenyewe haraka haraka, kwa hiyo mwombe mashine uishike wewe, na ukikuta risiti imetoka kwa dola, omba muamala ufutwe kabla hujaondoka dukani.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, sisi wa Mombasa tutumie namba gani?
Jibu: Dola ikiwa karibu na shilingi 129 za Kenya, dirham ni kama 35. Zidisha kwa 7, gawa kwa 2, weka sifuri moja. 850 inakuwa 5,950, nusu 2,975, jibu 29,750.

Swali: Nanunua jumla, mzigo wa dirham 6,000. Hiyo 700 inafaa?
Jibu: Kwa kujua kama bei ina akili, ndiyo. Kwa kupanga faida, hapana. Kwa 700 unapata milioni 4.2, kwa 680 ni milioni 4.08. Laki na ishirini ni pesa ya kulipia mambo mengine. Tumia kikokotoo, kisha makadirio yawe mlinzi wake.

Swali: Muuzaji anapokea dola taslimu ila anahesabu 3.5. Nimpe?
Jibu: Kwa kila dola 100 anakupa dirham 350 wakati thamani yake ni 367. Umeacha dirham 17 mezani. Duka la kubadilisha fedha nalo litakata kidogo, lakini kwa kawaida si kiasi hicho. Kwa dola 10 ya maji na chakula usijisumbue. Kwa mzigo, kabadilishe kwanza.

Swali: Nilichagua AED na kadi ya shilingi, bado benki ikakata zaidi ya makadirio. Kwa nini?
Jibu: Benki inatumia bei yake ya kuuza dola, ambayo iko juu ya ile unayoona mtandaoni, na nyingi huongeza ada ya muamala wa nje. Uliza ada hiyo kabla ya safari na uiongeze kwenye namba yako ya kichwani. Kama jumla yake inazidi ile asilimia 5 ya mashine, kwa kadi hiyo linganisha upya.