Somo: Kusoma kifungu cha malipo kwenye mkataba wa kazi (bonasi na makato)

Kila wiki inbox inajaa swali hilihili: bonasi ni haki yangu, na mwajiri anaruhusiwa kunikata nini? Kwa hiyo naliandika mara moja. Hili ni kwa sekta binafsi Tanzania Bara.

1. Tafuta mshahara wa msingi, kisha posho. Viandikwe kando kando.

2. Kwenye bonasi, angalia kitenzi. "Atalipwa" ukiambatana na kanuni ya kukokotoa ni deni. "Anaweza kulipwa, kwa uamuzi wa mwajiri" ni matumaini, usiyakopee. Kanuni yenyewe isomwe polepole: "3% ya mauzo yanayozidi milioni 20" ukiuza milioni 26 ni 180,000. Ikiandikwa "3% ya mauzo yakizidi milioni 20", wewe utadai 780,000, mwajiri atasema 180,000. Rekebisheni kabla ya kusaini. Angalia pia "awe bado kazini siku ya malipo": ukiondoka wiki moja kabla, umeikosa.

3. Makato. Hapa ndipo watu wengi huumia. PAYE na NSSF yanakatwa kwa sheria, hayahitaji ridhaa yako. Hatari ni sentensi kama "mfanyakazi atafidia hasara yoyote itakayotokea". Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakimruhusu mwajiri kukata hasara kwa sentensi hiyo tu. Lazima ukubali deni kwa maandishi, hasara itokee kazini kwa kosa lako, upewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na deni lisizidi hasara halisi. Makato ya namna hii hayazidi robo ya malipo yako ya fedha.

Mfano: mtunza stoo anapokea 600,000, upungufu ni 480,000. Robo ni 150,000. Akikubali deni, atakatwa 150,000 miezi mitatu na 30,000 wa nne. Kumkata yote mwezi mmoja ni kosa hata kama amesaini.

ONYO: usisaini fomu ya deni ambayo kiasi kimeachwa wazi.

MASWALI

kijana_wa_stoo: Mkuu nimekatwa hela, nifanyeje?

Mwandishi: Umekatwa nini, kiasi gani, na mkataba unasemaje? Soma hatua ya 3, urudi.

dada_hesabu: Asante kwa somo, kaka. Hiyo robo inajumlisha PAYE na NSSF?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hapana, robo ni ya makato ya hasara peke yake. Ndiyo maana mtu mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, unaokatwa 15%, anaweza kubaki na kidogo sana bila sheria kuvunjwa. Piga hesabu ya kinachobaki mkononi kabla ya kukubali kiwango cha kulipa kwa mwezi. Unaweza kuomba kiwe chini ya robo.

dereva_mzoefu: Bosi wangu hutoa bonasi kila Desemba, mkataba haujaitaja. Mwaka huu kagoma.

Mwandishi: Kwa mkataba pekee huna pa kushika. Ila tunza hati za mshahara za miaka yote, maana utaratibu wa muda mrefu unaweza kujengewa hoja. Ukiamua kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60.

kijana_wa_stoo: Nimesoma. Ni 200,000 ya simu iliyopotea, sijasaini kitu.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Mwandikie mwajiri akupe sababu na hesabu, na akuonyeshe karatasi uliyoridhia, kama anayo. Nakala ibaki kwako, isainiwe kuwa imepokelewa.